Mvua ya paka na mbwa



Kuna maneno ya Kiingereza ambayo watoto wetu wa sekondari huyaleta nyumbani huku wakicheka. Tukiyaandika kwa herufi zetu, jinsi yanavyosikika masikioni, ni haya: "its reining kets end dogz". Neno "reining" ni kunyesha. "Kets" ni paka. "Dogz" ni mbwa. Basi ukiyafasiri neno kwa neno unapata sentensi hii: "Inanyesha paka na mbwa."

Mtu wa Kibiti akiambiwa hivyo atatazama juu. Ataona mawingu. Paka hamwoni, na mbwa hamwoni. Atauliza, "Huyu mwenzetu ana akili timamu?"

Mwingereza aliyesema maneno hayo ana akili zake zote. Maana yake ni moja tu: mvua inanyesha kwa nguvu sana. Hao paka na mbwa hawamo kabisa katika maana. Maneno manne au matano yameshikana yakawa kitu kimoja, na kitu hicho kina maana yake chenyewe. Maneno ya namna hiyo huitwa msemo, au nahau.

Sasa msomaji anaweza kusema, "Hayo ni mambo ya wanafunzi. Mimi mkulima yananihusu nini?" Hebu tutazame mfano.

Bandari ya Nyamisati iko wilaya ya Kibiti, ukingoni mwa delta ya Rufiji. Hapo ndipo watu wengi wanapopanda vyombo kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia. Tuseme yuko mzee mmoja Nyamisati anayefanya biashara ya dagaa wakavu. Magunia yake kumi na mawili yako Kilindoni yakingoja chombo. Huko Kilindoni ana rafiki, mgeni kutoka nchi za nje, asiyejua Kiswahili. Asubuhi simu ya mzee inalia. Ni ujumbe wa maandishi, kwa Kiingereza. Mzee anamwita mjukuu wake aliye kidato cha pili.

"Hebu nisomee, mjukuu wangu. Rafiki yangu anasemaje?"

"Babu, anasema huku kunanyesha paka na mbwa. Halafu anasema magunia yako bado yako ufukweni."

"Paka na mbwa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Babu."

Mzee anacheka. "Huyu leo kaamka na mzaha. Mjibu, mwambie nasi huku tunanyeshewa kuku."

Wanacheka wote wawili. Simu inarudi mfukoni. Na kule Kilindoni magunia kumi na mawili yanalowa.

Kila mwenye kukausha dagaa anajua hapo pana hasara gani. Dagaa mkavu akilowa na kukaa ndani ya gunia hushika ukungu, huoza, hutoa harufu, na mnunuzi hamtaki tena. Kama mzee angeelewa ujumbe ule, angempigia simu mtu yeyote wa Kilindoni dakika ile ile: "Ndugu yangu, yafunike magunia kwa turubai, au yaingize bandani."

Tuangalie kijana alipokosea. Neno la paka alilijua. Neno la mbwa alilijua. Neno la kunyesha alilijua pia. Mwalimu wake angempa alama zote kwa kila neno. Lakini habari iliyokuwa ndani ya ujumbe imepotea. Ujumbe ule ulipaswa kufasiriwa hivi: "Huku mvua inanyesha kwa nguvu sana, na magunia yako bado yako ufukweni." Ukisoma hivyo, sentensi ya kwanza inaieleza ya pili. Ni onyo. Ukiisoma kwa paka na mbwa, sentensi ya kwanza inakuwa mzaha, na ya pili inabaki kama salamu tu.

Hapo ndipo ubaya wa msemo unapokaa. Neno usilolijua hukusimamisha. Unauliza. Msemo haukusimamishi, kwa sababu kila neno lake unalijua, na unadhani umeelewa.

Nasi tunayo yetu

Tusiwacheke sana Waingereza. Sisi wenyewe tunasema mambo ambayo mgeni akiyafasiri neno kwa neno atashangaa zaidi.

Tunasema, "Fulani amepata jiko." Maana yake ameoa. Mgeni anayejifunza Kiswahili atadhani amenunua jiko la mkaa, na pengine ataleta sufuria ya zawadi. Tunasema, "Fulani ana mkono wa birika." Maana yake ni mchoyo, hatoi. Mgeni atamtazama mikono.

Tunasema pia, "Amepiga maji." Kila mtu anajua huyo amelewa pombe. Lakini badilisha neno kidogo tu: "Amepigwa na maji." Huyo sasa ni mtu aliyepatwa na mafuriko, au mvuvi aliyepigwa na mawimbi. Delta ya Rufiji si mahali pa kuchanganya maneno hayo mawili. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mtu akiwaeleza wageni wanaotoa misaada kwamba baba wa nyumba ile "amepigwa na maji", na mkalimani akasikia "amepiga maji", familia ya mhitaji itaandikwa kuwa familia ya mlevi.

Tutazame na chumvi. Mtu akisimulia habari na kuongeza yasiyokuwapo, tunasema "ametia chumvi". Huo ni msemo. Lakini mkulima wa mpunga wa delta akisema "maji yametia chumvi shambani", huyo hana msemo wowote. Anasema jambo lenyewe. Maji ya mto yakipungua, maji ya bahari hupanda kwenye vijito, huingia mashambani, na mpunga haustahimili chumvi. Maneno ni yale yale, kutia na chumvi. Mahali pamoja ni porojo, mahali pengine ni njaa.

Kwa hiyo msemo haumo ndani ya neno "chumvi", wala haumo ndani ya neno "paka". Uko katika mazoea ya watu wanaosema lugha hiyo. Wamekubaliana, bila mkutano wala kura, kwamba maneno haya yakikaa pamoja yana maana hii. Asiyezaliwa katika mazoea hayo hana budi kuambiwa.

Ulitoka wapi?

Watu hupenda kuuliza: kwa nini paka na mbwa? Kwa nini si mbuzi na bata?

Yapo maelezo yanayopendwa sana, na yalisambaa mno kuanzia mwaka 1999. Inasemwa kwamba zamani nyumba za Uingereza ziliezekwa kwa nyasi. Paka na mbwa, ati, walikuwa wakilala ndani ya paa ili wapate joto. Mvua kubwa ikinyesha nyasi ziliteleza, wanyama wakaanguka chini, na watu wakasema inanyesha paka na mbwa.

Hapa wasomaji wetu wa Rufiji na Kibiti ni mahakimu wazuri kuliko wengi, maana wanaojua kuezeka wako huku. Jiulize wewe uliyekulia chini ya paa la makuti. Panya umemsikia paani, naam. Nyoka, naam. Paka humfuata panya hadi juu ya kuta. Lakini mbwa umemwona lini amelala paani? Atapandaje? Tena paa hutengenezwa lenye mteremko ili maji yakimbilie chini upesi yasipenye. Ndani ya paa lililoezekwa vizuri hapalowi, basi mnyama aliye ndani hana sababu ya kuteleza. Ili ateleze, lazima awe amelala nje, juu ya nyasi, kwenye mvua. Na mnyama anayetafuta joto halali nje kwenye mvua. Maelezo hayo ni matamu, lakini ni uongo. Wataalamu wa lugha wameyakataa.

Maelezo ya pili yana nguvu kidogo. Miji ya Uingereza ya zamani ilikuwa michafu, na mizoga ilitupwa mitaani. Mvua kubwa ilipokuja, maji yaliibeba mitaroni. Mwandishi Jonathan Swift aliandika shairi mwaka 1710 juu ya mvua katika mji wa London, akataja mizoga ya paka na watoto wa mbwa ikisukumwa na maji pamoja na taka nyingine. Mtu aliyeona Rufiji ikifurika haoni ajabu hapo. Maji ya mafuriko hubeba kila kilicho njiani.

Lakini tuhesabu miaka. Mshairi mmoja wa nchi ya Wales, jina lake Henry Vaughan, alikwisha kuandika mwaka 1651 habari za paa madhubuti linaloweza kuzuia mvua ya mbwa na paka. Mwaka 1651 uko karibu miaka 60 kabla ya shairi la Swift. Kwa hiyo shairi la Swift haliwezi kuwa chanzo cha msemo. Yeye Swift aliutumia msemo wenyewe baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1738, ambamo aliwadhihaki watu waliopenda kusema maneno yaliyochakaa. Maana yake ni kwamba hata wakati ule msemo ulikwisha kuwa wa kawaida midomoni mwa watu.

Tazama pia jambo dogo. Vaughan aliwataja mbwa kwanza, kisha paka. Leo Waingereza huanza na paka. Ukianza na mbwa watakuelewa, lakini watajua wewe ni mgeni.

Chanzo chenyewe hakijathibitishwa na mtu yeyote, na wala hakihitajiki. Mwingereza anayetumia msemo huu leo hafikirii mizoga wala mapaa. Ni sawasawa na wewe unaposema "amepata jiko": hufikirii mafiga matatu na kuni.

Lugha nyingine zina vitu vyao vinavyoanguka. Wafaransa husema inanyesha kamba, na huo unaeleweka kwa urahisi, maana mvua kubwa huonekana kama nyuzi ndefu kutoka juu. Watu wa Wales, jirani kabisa na Waingereza, wao husema inanyesha vikongwe wanawake na fimbo! Hapo kila mtu na mazoea ya kwao. Wote wanaeleza mvua ile ile.

Msemo hauna kipimo

Turudi Nyamisati kwa mzee wetu wa dagaa. Tuseme mjukuu amefasiri vizuri, na mzee amejua kwamba mvua ya Kilindoni ni kubwa. Je, sasa anajua yote anayohitaji? Hapana.

Kwanza, msemo ule hausemi mvua ni kubwa kiasi gani. Ni neno la mtu anayetazama dirishani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa taarifa ya mvua kubwa, ina kipimo: mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Milimita 50 ni kina. Kama maji hayo yangetuama juu ya ardhi tambarare bila kunywewa wala kutiririka, yangefika kimo cha sentimita 5, yaani kama upana wa vidole vitatu. Mtu atasema, "Vidole vitatu tu?" Sasa hesabu. Katika ekari moja, mvua hiyo ni maji ya ndoo zipatazo 10,000, zile ndoo za lita 20. Hakuna hata ndoo moja ya hesabu hiyo ndani ya paka na mbwa.

Pili, msemo ule ni wa mvua peke yake. Hausemi upepo. Mwenye chombo anayetaka kuvuka kwenda Mafia anaogopa upepo na mawimbi kuliko maji ya mvua. Mvua inaweza kumwagika bahari ikiwa shwari, na jua linaweza kuwaka bahari ikiwa imechafuka. Kwa hiyo nahodha akisomewa ujumbe wa paka na mbwa, swali lake la upepo bado halijajibiwa. Lazima aulize.

Tatu, kwa mkulima wa bondeni, mvua ya hapo alipo si lazima iwe ndiyo inayoleta mafuriko. Mto Rufiji hupata maji yake kutoka mbali: mto Kilombero, mto Luwegu, na mto Ruaha Mkuu unaotoka nyanda za juu za kusini. Unaweza kulala usiku mkavu, nyota zinaonekana, na asubuhi maji yamepanda. Tena tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, kiasi cha maji kinachoshuka hutegemea pia maji yanayoachiwa bwawani. Mtu wa Ikwiriri au Muhoro anayetaka kujua habari za mto asiridhike na neno la mvua.

Ndiyo maana taarifa za tahadhari, katika lugha yoyote, haziandikwi kwa misemo. Zinataja mahali, kiasi na saa. Ukiona msemo, jua unasoma maongezi ya watu.

Utaujuaje msemo?

Sisi tunaofundisha kisomo huulizwa hivi: "Sasa mimi nisiyezaliwa Uingereza nitaujuaje msemo nikikutana nao?" Ipo njia. Haikosi kasoro, lakini inasaidia.

Anza kwa kujiuliza kama jambo linawezekana. Wanyama hawanyeshi. Basi simama hapo hapo. Sentensi isiyowezekana, iliyosemwa na mtu mzima mwenye akili, mara nyingi ni msemo. Njia hii ingemwokoa mzee wa dagaa. Lakini haitoshi, kwa sababu misemo mingine inawezekana kabisa. Kupata jiko kunawezekana. Kutia chumvi kunawezekana, hutiwa kila siku katika mboga.

Kwa misemo ya namna hiyo jaribu kubadilisha neno moja. Chukua "amepata jiko". Ongeza kidogo: "amepata jiko la mkaa". Papo hapo ndoa imetoweka, limebaki jiko. Chukua "mkono wa birika", weka "mkono wa sufuria". Hakuna mtu atakayekuelewa. Msemo ni kama fundo la wavu: ukivuta uzi mmoja wa fundo, lote linafunguka. Sentensi ya kawaida haiko hivyo. Ukisema "nimenunua unga", unaweza kuweka mchele, sukari, sabuni, na bado sentensi inasimama.

Fanya hivyo hivyo kwa paka na mbwa. Mwambie Mwingereza, "Inanyesha paka mmoja na mbwa wawili." Atacheka. Mwambie, "Inanyesha mbuzi na kuku." Hatakuelewa, au atadhani unatania. Mwambie, "Inanyesha paka na mbwa kidogo." Hiyo nayo haifai, kwa sababu msemo wenyewe maana yake ni wingi. Kitu kimoja unachoruhusiwa kugusa ni wakati. Unaweza kusema jana ilinyesha paka na mbwa, au kesho itanyesha. Wanyama waache walivyo.

Njia ya tatu ni kutazama yaliyo jirani. Mzee wetu alikuwa na sentensi ya pili: magunia bado yako ufukweni. Mtu anayetaja magunia yaliyo nje, na kabla yake akataja kunyesha, anasema habari gani kama si ya mvua na hasara? Neno "kunyesha" peke yake lingetosha kumwamsha, kama asingeshikwa na paka na mbwa.

Na ikiwa njia zote tatu hazikusaidia, muulize mwenyewe aliyesema. Muulize hivi: "Una maana gani?" Usimuulize neno moja moja maana yake nini, kwa sababu hapo atakwambia paka ni paka.

Kwa vijana wa sekondari tunaongeza jambo moja. Waingereza wengi siku hizi wanauona msemo huu kuwa wa kizamani. Vitabu vya shule vinaupenda kuliko wao. Katika insha au barua ya kazi andika kwa Kiingereza cha kawaida kwamba mvua ilikuwa kubwa. Hutapoteza alama.

Kabla hatujaweka kalamu chini, mpeni mgeni wenu anayejifunza Kiswahili sentensi hii: "Jana ilinyesha mvua ya mawe." Ikiwa amesoma habari hii yote, atasema kwa fahari, "Aha! Huo ni msemo. Mawe hayanyeshi. Maana yake ni mvua kubwa." Mwambieni amekosa. Mvua ya mawe huanguka kweli, vipande vya barafu vigumu vinavyogonga mabati, kuchana majani ya migomba na kuumiza mtu kichwani. Mawe yale si ya mlimani, ni kweli, lakini ukitoka nje utayaokota kwa mkono.